Daftari la malipo ya korosho lenye safu kumi na nne: jinsi ya kulipanga likae kwenye karatasi moja kwa upana

Msimu wa kwanza niliposhika kompyuta ya chama cha msingi, huku Newala, nilitengeneza orodha ya malipo ya mnada yenye wakulima 232. Kwenye skrini ilikuwa nzuri: safu kumi na nne, mistari imenyooka, hesabu zote zimeoana. Nikaiweka kwenye flashi, nikaenda kuiprinti, nikarudi na bahasha nene. Asubuhi wakulima walipofika kusaini ndipo nikagundua kwamba karatasi za juu zina majina tu, za katikati zina kilo na pesa, na za mwisho zina safu moja peke yake iliyoandikwa "Saini", vyumba vitupu kutoka juu hadi chini. Mama mmoja mtu mzima, kidole chake kimeshapakwa wino, akaniuliza, "Mwanangu, sasa jina langu liko wapi hapa nigandamize dole?" Sikuwa na jibu. Dole gumba lililowekwa kwenye karatasi isiyo na jina si ushahidi wa malipo ya mtu yeyote.

Hesabu hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika ukurasa: ukubwa wa karatasi, mwelekeo wake, pambizo zake, na kipimo cha kusinyaza. Nitaeleza kazi hiyo hatua kwa hatua kwa kutumia daftari lilelile, kwenye Excel, kwa sababu ndiyo iliyomo kwenye kompyuta nyingi za vyama na za steshenari nilizozitumia. Wa LibreOffice nitawagusia njiani.

Kwanza pima jedwali

Wengi huanza na kitufe cha kusinyaza. Mimi naanza na rula. Fungua `View`, bonyeza `Page Layout`. Ukiwa kwenye mwonekano huo, ukibonyeza kulia juu ya herufi ya safu na kuchagua `Column Width`, upana unakuja kwa sentimita, yaani kipimo cha karatasi, si kile cha idadi ya herufi tunachokizoea. Ikikuletea inchi, nenda `File`, `Options`, `Advanced`, shuka hadi sehemu ya `Display`, na kwenye `Ruler units` chagua `Centimeters`. Kama ulikuwa umegandisha vichwa vya safu kwa `Freeze Panes`, Excel itakuonya kwamba mwonekano huu unaondoa ugandishaji. Kubali, utaurudisha baadaye.

Daftari langu lilikuwa hivi. Namba sm 1.0, jina la mkulima 5.5, kijiji 2.6, namba ya mkulima 2.6, tarehe 2.2, namba ya stakabadhi 2.4, kilo za daraja la kwanza 1.8, kilo za daraja la pili 1.8, bei 1.8, thamani 2.9, makato 2.4, malipo halisi 2.9, namba ya akaunti 3.6, saini 3.0. Jumla sm 36.5.

Sasa linganisha na karatasi. A4 ikisimama ina upana wa sm 21. Excel ikiachwa na pambizo zake za kawaida inachukua karibu sm 1.8 kila upande, kwa hiyo jedwali linabakiwa na sm 17.4. Ukizijumlisha safu moja moja kutoka kushoto, sita za kwanza zinafika 16.3, na ya saba haiingii tena. Saba zinazofuata, kuanzia kilo hadi akaunti, zinafika 17.2, zinaingia kwa kubanana. Inabaki saini peke yake, nayo inatupwa kwenye karatasi ya tatu. Na kwa kuwa Excel isipoambiwa vingine huprinti kwa kushuka kwanza ndipo ihamie kulia, karatasi zote za majina hutoka mwanzo na zote za saini hutoka mwisho. Ndiyo maana bahasha yangu ilipangika vile. Ukiona kurasa zako zimetoka katika makundi namna hiyo, jua jedwali limezidi upana, hata kama hukuona mstari wowote wa kukata kwenye skrini.

Karatasi ipi

Kwenye kichupo cha `Page Layout` kilicho juu, si ule mwonekano wa ndani ya `View`, bonyeza `Size`. Hakikisha kumeandikwa `A4`. Usidhani ndiyo iliyopo. Mafaili mengi tunayopokea yamezaliwa kwenye kompyuta zilizopangwa kwa `Letter`, karatasi ya Marekani ya sm 21.59 kwa 27.94, na ukubwa huo husafiri na faili. Ukiilaza, `Letter` ni fupi kuliko A4 kwa sm 1.76, yaani unajinyima bure nafasi inayotosha safu nzima ya kilo. Kwa kimo nayo imezidi A4 kwa zaidi ya nusu sentimita, hivyo mstari wa chini unaweza kukatwa. Dalili nyingine ni printa kukataa: taa inawaka na kuzima, kiskrini chake kinadai karatasi ya `Letter`, wakati trei imejaa A4. Watu hubonyeza kitufe cha kuendelea na kazi inatoka, lakini tatizo limebaki ndani ya faili na litarudi mnada ujao.

Je, A3? Ikilazwa ina sm 42 kwa upana, na jedwali langu la 36.5 lingekaa lote bila kusinyazwa hata kidogo. Kwa kitabu kikubwa kinachokaa ofisini na hakitoki, A3 ni nzuri, na ukiikunja katikati inaingia kwenye faili la A4. Ila kwa karatasi ya kupelekwa kijijini kusainiwa siipendekezi. Printa za A3 ni chache, na hapo mwisho kuna mtu atataka nakala, na mashine ya fotokopi itaipunguza A3 kuwa A4 kwa asilimia 71. Maandishi ya ukubwa 11 yatakuwa chini kidogo ya 8, na pambizo nazo zitasinyaa pamoja nayo. Jedwali lilelile ukilipanga moja kwa moja kwenye A4 iliyolala utapata herufi kubwa kuliko hizo, kama utakavyoona. Basi tubaki na A4.

Kuilaza karatasi

`Page Layout`, `Orientation`, `Landscape`. Sasa upana ni sm 29.7 na kimo ni 21. Hatua ni moja tu, ila ina jambo linalosahaulika: karatasi iliyolazwa itafungwa wapi?

Mafaili yetu ya boksi yana karatasi zilizosimama, zimetobolewa upande wa kushoto, ule mrefu. Karatasi iliyolala ukitaka ikae humohumo bila kujitokeza, lazima itobolewe upande wake mrefu pia, na upande mrefu wa karatasi iliyolala ni juu au chini. Iweke ili juu ya jedwali paelekee mgongo wa faili. Msomaji analigeuza faili kidogo kuelekea kulia na kusoma. Ukitoboa chini, atalazimika kugeuza upande mmoja kwa barua na upande wa pili kwa jedwali, na mkaguzi anayepitia karatasi mia mbili atachoka haraka.

Kwa hiyo kwenye jedwali lililolala, pambizo ya kutobolea ni ya juu, si ya kushoto. Nimeona makarani makini kabisa wakiacha sm 3 kushoto kwa ajili ya panchi, wakabana safu zao hadi hazisomeki, halafu karatasi ikatobolewa juu, katikati ya jina la chama.

Pambizo

Bonyeza `Margins`, shuka chini kabisa kwenye `Custom Margins`. Kabla ya kuandika namba yoyote, soma zilizomo. Ukikuta `Top` ni 1.9 au karibu na hapo, uko kwenye sentimita. Ukikuta 0.75, uko kwenye inchi, na ukiandika 1 ukidhani ni sentimita utakuwa umeacha 2.54. Kipimo hiki kinafuata mipangilio ya Windows ya nchi na vipimo, si ya Excel, kwa hiyo kompyuta mbili za ofisi moja zinaweza kutofautiana.

Namba zangu ni hizi: `Left` 1, `Right` 1, `Top` 2.5, `Bottom` 1.5, `Header` 0.8, `Footer` 0.8.

Kwa nini 1 na si 0.5? Printa ya kawaida haiwezi kuweka wino hadi ukingoni. Kuna ukanda wa milimita chache kila upande ambao haufiki, na upana wake unatofautiana kati ya mashine na mashine. Ukiweka 0.3, printa ya ofisini inaweza kukubali na ya steshenari ikala mstari wa kulia wa jedwali. Tena karatasi huingia kwenye mashine ikiwa imeyumba kidogo, upande mmoja ukapungua milimita mbili. Sentimita moja inavumilia yote hayo, na bado mtu anapata pa kushika karatasi bila kufunika tarakimu kwa kidole chenye wino.

Kwa nini 2.5 juu? Panchi ya kawaida inatoboa matundu mawili yenye kipenyo cha milimita 6, vitovu vyake vikiwa milimita 12 kutoka ukingoni na milimita 80 kati yao. Tundu basi linaishia milimita 15 kutoka ukingoni. Ukiacha 2.5 inabaki sentimita nzima kati ya tundu na maandishi, na karatasi ikiwa imebanwa kwenye chuma cha faili bado kichwa cha jedwali kinasomeka. Na hapo utaona pia kwa nini usiweke maandishi yoyote kwenye `Header`: yakikaa katikati, kwa umbali wa 0.8, yataangukia kwenye ukanda huohuo wa matundu. Jina la chama, kijiji na namba ya mnada viandike kwenye mistari ya juu ya jedwali lenyewe. `Footer` itumie kwa namba za kurasa tu. Kwenye dirisha hilohilo la pambizo nenda `Header/Footer`, `Custom Footer`, na katika sehemu ya katikati andika:

```
Ukurasa &[Page] wa &[Pages]
```

Hilo "wa ngapi" si pambo. Karatasi moja ikipotea kati ya kijiji na ofisi, namba hiyo ndiyo itakayokuambia imepotea.

Punguza safu kabla ya kusinyaza

Sasa nafasi ya upana ni 29.7 toa 2, yaani sm 27.7. Jedwali ni 36.5. Gawanya 27.7 kwa 36.5, unapata asilimia 75. Herufi za 11 zitatoka kama 8 na kidogo. Zinasomeka, kwa shida, na mzee wa miaka sabini anayetaka kuhakiki kilo zake mwenyewe kwenye baraza ya ghala hatazisoma. Lingekuwa limebaki kwenye karatasi iliyosimama lingeshuka hadi asilimia 47, herufi za 5, na hizo hazisomwi na mtu yeyote. Mpaka wangu ni kwamba herufi zisishuke chini ya 9 kwenye karatasi inayosainiwa.

Basi angalia jedwali kwa jicho la msomaji: ni safu ipi inarudia neno lilelile kutoka juu hadi chini? Nilikuwa na safu ya kijiji, ilhali kila shiti ni ya kijiji kimoja. Nilikuwa na safu ya tarehe, ilhali malipo yote ni ya mnada mmoja. Zote mbili zikahamia kwenye mstari wa kichwa: "Kijiji fulani, mnada wa tatu, tarehe fulani." Sentimita 4.8 zikarudi. Safu ya jina nikaipunguza kutoka 5.5 hadi 5.0 baada ya kuona kwamba jina refu kuliko yote linaingia. Jumla mpya ni sm 31.2, na sasa 27.7 kugawa kwa 31.2 ni asilimia 88.

Vichwa virefu vya safu, kama "Kilo daraja la pili", usiviache vikatanua safu ya tarakimu nne. Chagua mstari wa vichwa, bonyeza `Wrap Text` kwenye `Home`, vitavunjika mistari miwili au mitatu. Ila safu za pesa usizibane mpaka mwisho. Tarakimu zinazoingia sawasawa kwenye skrini zinaweza kutoka `####` kwenye karatasi, kwa sababu herufi zikisinyazwa hazipungui kwa uwiano kamili. Acha milimita mbili au tatu za pumzi kwenye thamani na malipo halisi.

Kusinyaza

Zipo njia mbili, na zinatofautiana kuliko watu wanavyodhani.

Ya kwanza ni kwenye `Page Layout`, kundi la `Scale to Fit`: `Width` chagua `1 page`, `Height` iache `Automatic`. Hapo Excel inatafuta yenyewe asilimia inayofanya safu zote zikae kwenye karatasi moja, na kurasa zinaendelea kushuka kadiri zinavyohitajika. Kosa kubwa ni kuweka `Height` nayo `1 page`. Wakulima 232 kwenye karatasi moja watatoka kama vumbi. Kwenye LibreOffice jambo hilohilo liko `Format`, `Page Style`, ukurasa wa `Sheet`: chagua kusinyaza kwa upana na kimo, upana weka 1, kimo acha tupu.

Ya pili ni `Adjust to`, kwenye ukurasa wa `Page` wa dirisha lile la `Custom Margins`, ambapo unaandika asilimia mwenyewe. Mimi naitumia hii, na nina sababu mbili. Vijiji vikiwa saba, kila kimoja na shiti yake, njia ya kwanza itampa kila mmoja asilimia yake, na herufi za kijiji chenye majina marefu zitakuwa ndogo kuliko za jirani yake. Ukiandika asilimia ileile kwa shiti zote, madaftari yanafanana. Pili, ile njia ya kwanza haiheshimu mikato ya kurasa uliyoiweka kwa mkono. Ukitaka ukurasa mpya uanze mahali fulani, haitakusikiliza.

Hesabu ilinipa 88. Nikaweka 87. Hiyo asilimia moja ni ya usalama, kwani upana wa safu hubadilika kidogo printa inapobadilishwa, na pakizidi hata milimita moja, saini inaruka tena karatasi ya pili. Kuhakiki, bonyeza `View`, `Page Break Preview`. Ukiona mstari wa buluu wa vidoti umesimama kabla ya safu ya mwisho, bado hujafika. Shusha hadi 86 au punguza safu.

Kimo cha mstari, kwa ajili ya dole

Hili halimo kwenye menyu ya pambizo, lakini linaamua utapata karatasi ngapi, na ndilo linalotufanya tuprinti.

Mstari wa kawaida wa Excel ni pointi 15, kama nusu sentimita, na ukisinyazwa kwa 87 unabaki milimita 4 na nusu. Saini ya haraka inaweza kubanwa humo. Dole gumba haliwezi. Litaangukia mistari miwili, na mkulima wa chini atakuwa amesaini juu ya wino wa mwenzake. Nataka karibu sentimita moja kwenye karatasi. Gawanya 1 kwa 0.87, unapata 1.15, nami naandika pointi 32, ambazo ni sm 1.13. Ikisinyazwa inatoka milimita 9.8.

Sasa hesabu kimo. 21 toa 2.5 toa 1.5 ni sm 17 za karatasi. Kwa kipimo cha shiti kabla ya kusinyazwa, 17 kugawa kwa 0.87 ni 19.5. Vichwa vyangu vya mistari minne vinakula sm 3, zinabaki 16.5, na kila mkulima anachukua 1.13. Wanaingia wakulima 14 kwa ukurasa. Wakulima 232 pamoja na mstari wa jumla ni kurasa 17. Kwa mistari ya pointi 15 zingekuwa kurasa 8. Mweka hazina aliniuliza kuhusu hizo karatasi 9 za ziada. Nikamwonyesha daftari la msimu uliopita, madole yamepandana, na hatukuongea tena.

Vichwa lazima virudie kila ukurasa. Nenda `Page Layout`, `Print Titles`, kwenye `Rows to repeat at top` andika:

```
$1:$4
```

Ukiikuta sehemu hiyo imefifia na haikubali kuandikwa, umeifungua kutoka kwenye dirisha la kuprinti, au umechagua shiti zaidi ya moja. Toka, chagua shiti moja, ingia kupitia `Page Layout`.

Kuweka katikati

Imekuja mwisho makusudi. Kwenye dirisha lile la `Custom Margins`, chini, kuna `Center on page` na vyumba viwili, `Horizontally` na `Vertically`.

Jedwali langu kwa asilimia 87 lina upana wa sm 27.14 ndani ya nafasi ya 27.7. Zinabaki milimita 5.6, ambazo bila kuweka katikati zote zingeangukia kulia. Nikiweka alama `Horizontally`, zinagawanyika mbili. Kwa daftari hili tofauti haionekani sana. Pale inapoonekana ni kwenye muhtasari wa vijiji, ule wenye safu saba na upana wa sm 18. Excel hailipanui jedwali dogo kujaza karatasi, hata ukichagua `1 page`. Inasinyaza tu. Jedwali la sm 18 basi litaganda kushoto, na kulia kutabaki uwazi wa karibu sm 10 kama karatasi imeharibika. Hapo `Horizontally` ndiyo dawa yake.

Elewa jambo moja kuhusu huo ukatikati: unapimwa kati ya pambizo na pambizo, si kati ya kingo za karatasi. Ukiwa na `Left` 2.5 na `Right` 1, jedwali litakaa katikati ya nafasi iliyobaki, na kwa jicho litakuwa limesogea kulia milimita 7 na nusu. Kwa ripoti iliyolala inayofungwa kwa springi upande mfupi wa kushoto hilo ni sawa, maana springi inafunika upande ule na jicho linaona katikati. Kwa karatasi ya peke yake, linganisha pambizo mbili kwanza.

Kuna wakati umeweka alama, pambizo zinalingana, na bado jedwali limekaa upande. Tazama safu A. Wengi huiacha tupu ili jedwali lisigusane na ukingo wa skrini, lakini Excel inaprinti kuanzia seli A1, tupu au si tupu, na huo utupu unahesabiwa kama sehemu ya jedwali. Upande wa kulia nako huenda kuna seli yenye nafasi tupu au kipande cha mstari wa mpaka uliosahaulika. Bonyeza `Ctrl+End`, Excel itakupeleka kwenye kona ya mwisho inayoitambua. Ikiruka mbali kuliko jedwali lako, umempata mkosaji. Tiba ya yote mawili ni kuchagua jedwali lenyewe tu, kisha `Print Area`, `Set Print Area`.

`Vertically` usiiguse kwenye daftari la kurasa nyingi. Ukurasa wangu wa 17 una wakulima 8 na mstari wa jumla, na ukiwekwa katikati ya kimo utaelea, kichwa chake kikiwa chini kuliko vya kurasa nyingine kumi na sita. Anayefunua faili anataka kichwa mahali palepale. `Vertically` inafaa kwa karatasi moja inayobandikwa ukutani, mathalani tangazo la bei za mnada.

Shiti zote kwa pamoja, na safari ya steshenari

Mipangilio hii yote inakaa kwenye kila shiti peke yake. Ukiipanga ya kijiji cha kwanza, ya pili bado imesimama. Bonyeza kulia kwenye jina la shiti chini, `Select All Sheets`, halafu panga karatasi, mwelekeo, pambizo na asilimia mara moja. Vichwa vya kurudia na eneo la kuprinti utavifanya shiti moja moja. Ukimaliza, bonyeza kulia tena na `Ungroup Sheets` kabla hujagusa seli yoyote. Ukisahau, kilo utakazoandika za mkulima wa kijiji kimoja zitaandikwa kwenye seli ileile ya vijiji vyote.

Usipeleke faili la Excel steshenari. Peleka PDF, kupitia `File`, `Export`, `Create PDF/XPS`. Faili la Excel likifunguliwa kwenye kompyuta yenye printa nyingine na fonti nyingine, upana wa safu unahama, na saini inaweza kuruka tena. PDF haihami. Mwombe anayeprinti achague `Actual size`, asichague `Fit`, maana `Fit` inasinyaza mara ya pili juu ya kusinyaza kwako. Mwambie pia aprinti upande mmoja tu. Wino wa madole hupenya, na nyuma ya karatasi nafasi ya matundu ingeweza kuangukia chini.

Aprinti ukurasa wa kwanza na wa mwisho kwanza. Chukua rula uzipime hapohapo kaunta: juu hadi maandishi ya kwanza sm 2.5, kushoto na kulia zilingane, sm 1.3 hivi kila upande, kimo cha mstari wa mkulima karibu sentimita moja, safu ya saini ipo, na chini pameandikwa "Ukurasa 17 wa 17". Kisha weka dole lako mwenyewe kwenye chumba cha saini cha ukurasa ule wa majaribio. Likikaa ndani ya mistari, mwambie aendelee na kurasa zilizobaki.